Kukagua nguzo ya chuma yenye mgandamizo na mpindo kwa pamoja katika fremu yenye breisi

Nguzo ya pembezoni mwa jengo haibebi mzigo ulionyooka tu. Boriti ya sakafu hufungwa kwenye uso wa nguzo, si katikati yake, kwa hiyo kila kilonewtoni inayoshuka huja na momenti ndogo nyuma yake. Wengi hukagua momenti hiyo upande ule inakopindia, wanaona nafasi imebaki nyingi, wanafunga daftari. Nguzo ya umbo la H lakini hupindwa upande mmoja na ikajikunja upande mwingine. Hapo ndipo pa kutumia muda wako.

Mwongozo huu unafuata Eurocode 3 (EN 1993-1-1:2005), kipengele cha 6.3.3 na Kiambatisho B. Ofisi nyingi za wahandisi Uganda bado zina majedwali ya BS 5950 mezani, na jambo moja ni la kushika kabla ya kuanza: katika BS 5950 mhimili wenye nguvu huitwa x na ule dhaifu y, ilhali katika Eurocode wenye nguvu ni y na dhaifu ni z. Ukisoma rediasi ya mzunguko "ya y" kwenye jedwali la zamani ukaipeleka kwenye fomula mpya, umebadilisha mihimili bila kujua. Njia rahisi ya kujilinda ni kuangalia ukubwa wa namba: kwa nguzo tunayotumia hapa kubwa ni 88.2 mm na ndogo ni 51.3 mm, na ile ndogo daima ni ya mhimili dhaifu.

Mfano wetu

Chukua jengo la Namanve lenye ghala chini na ofisi kwenye ghorofa mbili za juu, paa la mabati. Sakafu ya ghorofa ya kwanza iko mita 4.5 kutoka chini, ya pili mita 8.1, na paa mita 11.7. Fremu ina breisi za mshazari pande zote mbili, na boriti zote zimefungwa kwa bamba na bolti za kawaida, yaani viungo vinahesabiwa kuwa bawaba. Tunakagua nguzo ya pembezoni, kipande cha chini chenye urefu wa mita 4.5, kitako chake nacho kikiwa bawaba. Nguzo ni UC 203x203x46 ya chuma S275.

Mizigo hii tayari imezidishwa kwa vigawo vya usalama, 1.35 kwa mzigo wa kudumu na 1.5 kwa mzigo wa matumizi:

Kutoka juu ya ghorofa ya kwanza zinashuka 310 kN. Kwenye flanji inafungwa boriti kuu inayoleta 180 kN. Kwenye bamba la kati, pande zote mbili, zinafungwa boriti ndogo zinazoleta 70 kN na 40 kN. Jumla ya mgandamizo kwenye kipande cha chini ni 600 kN.

Hatua ya 1: Hakikisha fremu imeshikwa kweli

Kila kitu kinachofuata kinasimama juu ya dhana kwamba ncha za nguzo haziyumbi. Kuchora mistari ya mshazari kwenye ramani hakutoshi. Kipimo chake ni hiki:

```
α_cr = (H_Ed / V_Ed) × (h / δ)
```

H_Ed ni nguvu ya mlalo ya ghorofa, V_Ed ni mzigo wote wa wima unaotegemea breisi hiyo, h ni kimo cha ghorofa, na δ ni kuyumba kwa juu ya ghorofa kukilinganishwa na chini yake. Ikifika 10 au zaidi, unaweza kuacha momenti za ziada zinazotokana na kuyumba. Kwa jengo letu ghorofa ya chini ina nguvu ya mlalo 73 kN na mzigo wa wima 3000 kN. Kuyumba kukiwa 8 mm, α_cr ni 13.7, tuko salama. Kuyumba kukiwa 12 mm inashuka hadi 9.1, na hesabu ya kawaida haitoshi tena: inabidi kuongeza athari za kuyumba kabla hujagusa nguzo yoyote.

Kinachovuruga hapa mara nyingi ni breisi za nondo. Nondo ndefu iliyolegea haina ukakamavu wowote mpaka ikaze, na programu ya kompyuta haijui kwamba imelegea. Ukizitumia, weka kikazio cha skrubu kwenye kila moja, na uandike kwenye ramani kwamba zikazwe baada ya fremu kunyooshwa kwa timazi na kabla ya kumwaga zege la sakafu.

Hatua ya 2: Pata momenti kutoka kwenye mapengo ya viungo

Kwa viungo vya bawaba, mzigo wa boriti huchukuliwa kuwa unatua mm 100 nje ya uso wa nguzo. Si kwenye uso wenyewe, na si katikati ya nguzo. Kina cha UC 203x203x46 ni 203.2 mm, kwa hiyo boriti ya flanji iko umbali wa 101.6 + 100 = 201.6 mm kutoka katikati:

```
M_y = 180 × 0.2016 = 36.3 kNm
```

Boriti za bamba la kati ziko pande mbili zinazopingana, kwa hiyo ni tofauti yake tu inayopinda nguzo. Bamba lina unene wa 7.2 mm, umbali ni 3.6 + 100 = 103.6 mm:

```
M_z = (70 - 40) × 0.1036 = 3.1 kNm
```

Momenti hizi zinaingia kwenye kiungo, na nguzo ipo juu na chini ya kiungo hicho. Zinagawanywa kwa kufuata ukakamavu, I/L, wa kila kipande. Hapa kipande cha juu ni mita 3.6 na cha chini ni mita 4.5, umbo ni lilelile, kwa hiyo uwiano ni 1.25. Ukiwa haujapita 1.5, unaruhusiwa kugawa nusu kwa nusu. Kipande cha chini kinapata M_y = 18.1 kNm na M_z = 1.55 kNm.

Momenti hiyo iko juu kabisa ya kipande, na inapungua kwa mstari ulionyooka hadi sifuri kwenye kitako. Umbo hilo la pembetatu tutalihitaji katika hatua ya 5. Momenti ya ghorofa moja haisafirishwi kwenda ghorofa nyingine, inaishia kwenye vipande vinavyokutana pale. Mgandamizo ndio unaojikusanya ghorofa hadi ghorofa.

Kosa linalojirudia hapa ni kwa nguzo za katikati. Boriti mbili zenye mzigo sawa zinafutana na momenti inakuwa sifuri, ndiyo, lakini mara nafasi za nguzo zinapotofautiana, mathalani mita 6 upande mmoja na mita 4 upande mwingine, haifutiki tena, na ni lazima ihesabiwe.

Hatua ya 3: Daraja la umbo, na ukaguzi wa ncha

Hatua hii ni fupi. Kwa S275, fy ni 275 N/mm² kwa sababu flanji ya 11.0 mm haijapita 16 mm. Sehemu ya flanji inayojitokeza ina uwiano wa 8.0 na kikomo cha daraja la 1 ni 8.3. Bamba la kati ni 22.3 dhidi ya 30.5. Umbo ni daraja la 1, kwa hiyo tunatumia moduli plastiki.

Kwenye ncha ya juu, ambako momenti ni kubwa kabisa, jumlisha uwiano wa kila tendo dhidi ya uwezo wa umbo lenyewe. Uwezo ni 1614 kN kwa mgandamizo, 136.7 kNm kwa mhimili wenye nguvu na 63.5 kNm kwa mhimili dhaifu:

```
600/1614 + 18.1/136.7 + 1.55/63.5 = 0.53
```

Inapita kwa urahisi. Ukaguzi huu unajibu swali moja tu, kama chuma kitalegea pale kwenye ncha. Haujui lolote kuhusu urefu wa nguzo.

Hatua ya 4: Uwezo dhidi ya kujikunja, mhimili mmoja mmoja

Wembamba wa nguzo ni urefu wake wa kujikunja ukigawanywa kwa rediasi ya mzunguko. Kwa fremu iliyoshikwa na viungo vya bawaba, urefu wa kujikunja ni urefu kamili kati ya sehemu zilizoshikwa, hapa mm 4500 pande zote mbili. Wembamba huo unagawanywa kwa 86.8, thamani ya S275, ili kupata λ.

Mhimili wenye nguvu: 4500/88.2 ni 51.0, λ_y ni 0.588. Kwa mkondo b wa kujikunja, kigawo cha punguzo ni 0.843, na uwezo ni 1361 kN.

Mhimili dhaifu: 4500/51.3 ni 87.7, λ_z ni 1.01. Hapa mkondo ni c, mkali zaidi, kwa sababu mikazo iliyobaki ndani ya chuma tangu kiwandani huumiza zaidi flanji zinapopinda kwa upana wake. Kigawo kinakuwa 0.534 na uwezo 862 kN.

Ziweke namba hizo mbili kando kwa kando. Nguzo ileile, urefu uleule, na upande mmoja umepoteza zaidi ya theluthi ya uwezo wa upande mwingine, kabla ya momenti yoyote kuingia.

Kuna na njia ya tatu ya kushindwa: momenti ya mhimili wenye nguvu inaweza kuisukuma flanji iliyogandamizwa itoke ubavuni huku nguzo ikijisokota. Unahitaji momenti ya kikomo, M_cr. Kwa nguzo hii ya mita 4.5 yenye momenti sawa ncha hadi ncha ni 227 kNm. Momenti yetu ni ya pembetatu, ambayo haina ukali huo, kwa hiyo inazidishwa kwa C1 = 1.77 na kufika 403 kNm. Kutoka hapo λ_LT ni 0.583, na kwa maumbo yaliyoviringishwa kiwandani kigawo ni 0.925. Uwezo wa momenti, M_b, ni 126.4 kNm. Nguzo za UC ni pana na nene, kwa hiyo kujisokota huwaondolea kidogo tu. Ukitumia boriti ya UB kama nguzo, namba hii hushuka vibaya, na hiyo ni sababu moja ya kutofanya hivyo.

Hatua ya 5: Vigawo vya k

Nguzo iliyokwisha kupinda kidogo kwa sababu ya momenti, mgandamizo unapoipata pale ilipojitokeza, huongeza mpindo. Vigawo vya k ndivyo vinavyobeba ongezeko hilo, na pia vinavyokupa nafuu pale momenti inapokuwa kubwa kwenye ncha lakini ndogo katikati ya urefu, ambako kujikunja hutokea.

Nafuu hiyo inaitwa C_m. Kwa mstari ulionyooka:

```
C_m = 0.6 + 0.4 ψ, lakini si chini ya 0.4
```

ψ ni momenti ndogo ya ncha ikigawanywa kwa ile kubwa ya ncha nyingine. Kitako chetu ni bawaba, ψ ni 0, C_m ni 0.6 kwa mihimili yote miwili na kwa kujisokota. Kuwa makini na alama: nguzo inayopinda kwa umbo la S ina ψ hasi, nayo inapata nafuu kubwa zaidi, ile inayopinda kwa upinde mmoja ina ψ chanya. Ukigeuza alama kimakosa, umejipa nafuu ambayo haipo. Na kama kuna mzigo unaosukuma nguzo katikati ya urefu, mfano upepo kwenye reli za ukuta wa mabati, fomula hii haifai tena. Rudi kwenye jedwali la Kiambatisho B uchukue thamani ya mzigo wa aina hiyo, ambayo kwa kawaida iko karibu na 0.9 au 0.95.

Kwa mfano wetu, uwiano wa mgandamizo ni 600/1361 = 0.441 kwa mhimili y na 600/862 = 0.696 kwa mhimili z. Kwa Jedwali B.2, la nguzo zinazoweza kujisokota:

```
k_yy = 0.6 × (1 + (0.588 - 0.2) × 0.441)    = 0.703
k_zz = 0.6 × (1 + 1.4 × 0.696)              = 1.185
k_yz = 0.6 × k_zz                           = 0.711
k_zy = 1 - 0.1 / (0.6 - 0.25) × 0.696       = 0.801
```

Katika k_zz, ile 1.4 ni kikomo: 2λ_z - 0.6 ingetoa 1.42, kwa hiyo kikomo ndicho kinachotumika. Usisahau pia kwamba kosa la kawaida kwenye majedwali ya Excel ni kuchukua Jedwali B.1 badala ya B.2. B.1 ni kwa maumbo yasiyojisokota, kama bomba la mraba, au nguzo iliyoshikwa ubavuni mwote. Huko k_zy ni 0.6 × k_yy, hapa ingetoka 0.42 badala ya 0.80, na ungekata nusu ya athari ya momenti bila haki.

Hatua ya 6: Milinganyo miwili, yote miwili

Mlinganyo wa 6.61 unauliza kama nguzo itajikunja kuelekea upande wa momenti kubwa:

```
600/1361 + 0.703 × 18.1/126.4 + 0.711 × 1.55/63.5
= 0.441 + 0.101 + 0.017 = 0.56
```

Mlinganyo wa 6.62 unauliza kama itatoka kwa mhimili dhaifu:

```
600/862 + 0.801 × 18.1/126.4 + 1.185 × 1.55/63.5
= 0.696 + 0.115 + 0.029 = 0.84
```

Zote ziko chini ya 1.0, nguzo inatosha. Lakini aliyesimama kwenye mlinganyo wa kwanza ameondoka akiamini amebakiza asilimia 44, kumbe amebakiza 16. Kwa nguzo za H zenye urefu sawa pande zote mbili, 6.62 ndio utakaotawala mara nyingi. Uandike kwanza.

Ukitaka kuhakiki haraka kwa kalamu, viungo vikiwa bawaba, kuna umbo lililorahisishwa linalokwepa vigawo vyote vya k: uwiano wa mgandamizo kwa mhimili dhaifu, kujumlisha uwiano wa M_y kwa M_b, kujumlisha mara 1.5 ya uwiano wa M_z. Hapa linatoa 0.696 + 0.143 + 0.037 = 0.88. Liko juu kidogo ya 0.84, jinsi inavyotakiwa. Programu ikikupa 0.55 na kalamu ikakupa 0.88, mmoja wao amekosea, na ni vizuri ujue ni nani kabla chuma hakijakatwa.

Hatua ya 7: Nguzo ya breisi, na chuma kilichofika kweli

Hapa ndipo 0.84 inapoanza kuyeyuka.

Kwanza, tuseme nguzo hii imo kwenye uwanda wa breisi. Breisi huzuia momenti ya upepo isifike kwenye nguzo, lakini haiuondoi upepo: inaugeuza kuwa mvuto kwenye nguzo moja na mgandamizo kwenye nyingine. Nguvu za mlalo, pamoja na zile za kasoro za unyoofu, ziwe 16 kN kwenye paa, 27 kN ghorofa ya pili na 30 kN ghorofa ya kwanza, na upana wa uwanda uwe mita 6. Breisi ikifanya kazi kwa mvuto tu, nguzo ya upande ulio kinyume na upepo inapata:

```
(16 × 11.7 + 27 × 8.1 + 30 × 4.5) / 6 = 90 kN
```

Mgandamizo unakuwa 690 kN. Rudia vigawo vya k na mlinganyo wa 6.62, jibu linakuwa 0.94. Bado inapita. Anayekagua nguzo moja "ya mfano" na kuinakili jengo zima hataiona 90 kN hiyo, kwa sababu inakaa kwenye nguzo chache tu. Fort Portal, Bundibugyo na maeneo yote ya bonde la ufa la magharibi, ambako ardhi ilitikisika vibaya mwaka 1966 na tena 1994, mgandamizo huu wa breisi unaweza kuja kwa tetemeko na kuwa mkubwa kuliko wa upepo.

Pili, chuma. Maumbo ya UC huagizwa kutoka nje, na kinachofika si lazima kiwe kile kilichoandikwa kwenye ramani. Tuseme cheti cha kiwanda kinaonyesha Q235, yenye nguvu ya kulegea 235 N/mm², badala ya S275. Irudie hesabu kwa 600 kN: uwezo wa mhimili dhaifu unashuka kutoka 862 hadi 799 kN, na jibu ni 0.92. Hapa pia inapita, na fundi atakuambia hakuna tofauti.

Ziweke pamoja: 690 kN kwenye chuma cha 235. Jibu ni 1.03. Nguzo haitoshi. Kila badiliko lilipokaguliwa peke yake liliruhusiwa, na kila aliyeruhusu alikuwa na namba sahihi mkononi. Kwa hiyo badiliko la chuma likija, likaguliwe dhidi ya nguzo mbaya kuliko zote, na kwa mchanganyiko wa mizigo ulio mbaya kuliko yote.

Chuma kikishushwa, usitegemee rangi iliyopigwa kwenye ncha. Pima kwa kalipa: flanji 11.0 mm, bamba la kati 7.2 mm, kina 203.2 mm, upana 203.6 mm. Upana ndio wa kuangalia kwanza, maana UB 203x133 ina kina kilekile kwa macho lakini flanji zake ni mm 133 tu. Mizani nayo inasaidia: UC hii ni kilo 46.1 kwa mita, kwa hiyo kipande cha mita 12 kinapaswa kuwa kilo 553 hivi. Nguvu ya chuma lakini haionekani kwa kalipa wala kwa mizani. Linganisha namba ya yeyusho iliyopigwa kwenye chuma na ile ya cheti, na kama hazilingani, kata sampuli ipelekwe maabara ikavutwe.

Hatua ya 8: Urefu uliouandika upo kweli?

Mita 4.5 kwenye mhimili dhaifu zipo kwa sababu boriti ndogo za bamba la kati na sakafu ya zege huishika nguzo kwenye ghorofa ya kwanza. Baadaye mteja anaomba uwazi wa ngazi mahali hapo. Boriti ndogo zinaondolewa, sakafu inakatwa, na boriti kuu inabaki haina kitu cha kuishika ubavuni. Kwenye mhimili dhaifu nguzo sasa ni mita 8.1 tangu kitako hadi ghorofa ya pili:

λ_z inapanda hadi 1.82, kigawo kinashuka hadi 0.23, uwezo unabaki 372 kN. Mgandamizo nao umepungua kwa 110 kN za boriti zilizoondolewa, zimebaki 490 kN. Hesabu hii ni kali kidogo kwa sababu kipande cha juu hakibebi 490 zote, lakini kwa mgandamizo pekee uwiano ni 1.32, na ukali huo mdogo hauwezi kuuokoa. Kupunguza mzigo kumeiua nguzo. Mtu wa usanifu akikuletea uwazi mpya kwenye sakafu, swali la kwanza liwe: ni nguzo gani ilikuwa inashikwa na kile kinachoondolewa?

Kinyume chake hutokea ndani ya kompyuta. Mchoraji anaweka nodi katikati ya nguzo ili aunganishe reli ya ukuta, na programu inachukua kwamba nguzo imeshikwa pale, urefu wa mhimili dhaifu ukawa mita 2.25. Jibu la 0.84 linashuka hadi karibu 0.6. Reli nyembamba iliyofungwa kwenye flanji ya nje tu, isiyofika kwenye breisi yoyote, haishiki nguzo. Fungua orodha ya urefu wa kujikunja wa kila nguzo, usome namba mwenyewe, na uandike kwa mkono ule unaoweza kuutetea.

Jibu likipita 1.0

Kwa nguzo yetu ya 1.03, njia fupi ni kupanda saizi moja. UC 203x203x52, kwa chuma kilekile cha 235 na 690 kN, inatoa takriban 0.90, na ongezeko ni kilo 6 tu kwa mita. Kina kinaongezeka mm 3, kwa hiyo boriti kuu ifupishwe mm 1.5 upande huo. Mwambie mchoraji wa karakana kabla hajatoboa matundu.

Njia ya pili ni kuishika nguzo katikati ya urefu kwa mhimili dhaifu. Kwa S275 uwezo ungeruka kutoka 862 hadi 1357 kN. Ila kishikio hicho lazima kifungwe kwenye bamba la kati au kwenye flanji zote mbili, kibebe nguvu yake, ambayo 2.5% ya mgandamizo, hapa kama 17 kN, ni kiasi cha tahadhari, na kiendelee mpaka kifike kwenye uwanda wenye breisi. Kikiunganisha nguzo tano zisizo na breisi yoyote, zote tano zitajikunja pamoja kuelekea upande mmoja.

Kuongeza unene wa bamba la chini au kubadilisha bolti za kitako hakusaidii lolote hapa, kwa sababu hesabu ilichukua kitako kuwa bawaba. Kuchomelea mabamba kwenye flanji kunasaidia, lakini kwa nguzo iliyokwisha kubeba mzigo, joto la kuchomelea hulegeza chuma pale pale kinapofanya kazi. Tanguliza jeki na nguzo za muda chini ya boriti zote tatu, kisha chomelea kwa vipande vifupi kwa zamu pande zote mbili, na subiri kila kipande kipoe kabla ya kingine.